Ziba sura, tafuta kiwiliwili: tunavyokagua picha za wagombea zilizobadilishwa uso

Uchaguzi mkuu wetu huangukia Oktoba, na huku Mtwara Oktoba ni mwezi wa korosho kuingia maghalani na watu kusubiri minada. Kwa hiyo anayetaka kummaliza mgombea wa huku hahangaiki kumtengenezea picha ya ulevi. Anamtengenezea ya kangomba, yaani ya kununua korosho za wakulima kwa kopo, kinyume cha sheria.

Hivyo ndivyo ilivyotufikia: mgombea ubunge wa jimbo mojawapo la mkoa huu, kakaa kwenye kigoda uani, mkononi ana kopo la kupimia, mbele yake viroba, pembeni mzee anahesabu noti. Chini pameandikwa kuwa mchana anawatetea wakulima na usiku anawanyonya. Ilikuwa saa mbili usiku, na mtangazaji wa kipindi cha asubuhi alishaipangia nafasi.

Kabla ya hatua zenyewe, jambo moja. Zamani mtu alikata kichwa kwenye bango la kampeni akakibandika kwenye mwili mwingine. Ukikitafuta kile kichwa mtandaoni unalipata bango. Programu za sasa za kubadili uso zinachukua picha ya mtu mwingine kabisa, kisha zinachora upya sura ya mgombea juu yake, imeinama vilevile, imekunja paji vilevile. Sura hiyo haipo pengine popote, na ukiitafuta unakesha bure. Kilichobaki, yaani nguo, mikono, kigoda na ukuta, ni cha picha ya kweli, na mara nyingi mtengenezaji aliiokota mtandaoni. Hiyo ndiyo ya kuwinda.

Hatua ya 1: Pata nakala iliyo karibu zaidi na chanzo

WhatsApp huibana picha na kuondoa taarifa zake za ndani, kama tarehe ya kupigwa na aina ya kamera. Kila inapohifadhiwa na kupakiwa upya inachakaa tena kidogo. Kwa hiyo mwombe aliyekutumia akutajie aliyemtumia yeye, nawe upande hivyo hivyo kadiri utakavyoweza, na kila mmoja mwombe aitume kama faili la kawaida, si kama picha.

Halafu lisikudanganye jina la faili. `IMG-20251012-WA0007.jpg` linaonyesha siku picha ilipopita kwenye WhatsApp ya simu fulani. Halikuambii ilipigwa lini. Nimewahi kumwona mwandishi mzoefu akiandika tarehe ya tukio kwa kusoma jina la namna hii.

Ukipata faili, lisome:

```
exiftool picha.jpg
```

Ukikuta tarehe na kamera, una pa kuanzia. Usipokuta kitu, usihitimishe lolote, kwani hata picha ya harusi ya dada yako ikipita WhatsApp inatoka tupu hivyo hivyo.

Hatua ya 2: Kata sura, tafuta kilichobaki

Unaweza kukata kwa simu. Sisi tunatumia ImageMagick kwenye kompyuta:

```
magick picha.jpg -crop 600x400+0+420 +repage chini.jpg
magick chini.jpg -flop chini_geuzwa.jpg
```

Mstari wa kwanza unachukua kipande chenye upana wa pikseli 600 na kimo cha 400, kuanzia ukingo wa kushoto na pikseli 420 kutoka juu. Badili namba ziendane na picha yako. Wa pili unakigeuza kama kwenye kioo, maana watengenezaji hupenda kugeuza picha ili isitambulike.

Vipande vyote viwili vipitishe Google Lens, Yandex na TinEye. Usitegemee kimoja, kwa sababu kila kimoja kina hazina yake. TinEye inakuruhusu kupanga matokeo kuanzia la zamani zaidi, na hilo ndilo unalotaka.

Kwa picha yetu, kipande cha viroba hakikutoa kitu. Cha mikono na kopo pia. Kilichogeuzwa, chenye ukuta na mguu wa kigoda, ndicho kilichotupeleka kwenye picha ya miaka kadhaa nyuma: mfanyabiashara wa maharage, mkoa mwingine, kopo lilelile, noti zilezile. Kwa kweli tungeweza kushtuka mapema. Korosho zetu hufungashwa kwenye magunia ya juti, na vile vilikuwa viroba vyeupe vya salfeti. Ila hilo peke yake lisingetosha, kwa kuwa mtu wa kangomba hajali gunia la aina gani.

Hatua ya 3: Angalia masikio

Hii ni ya pale chanzo kisipopatikana. Programu nyingi hubadilisha eneo la kuanzia nyusi hadi kidevu tu. Masikio, shingo, laini ya nywele na vidole vinabaki vya mwenye mwili. Chukua picha za mgombea ulizopiga mwenyewe, sisi tulikuwa nazo za mkutano wa Nangwanda, ulinganishe sikio la kushoto na la kushoto. Tazama ndewe: imening'inia au imeshikana na shavu? Ya mgombea wetu inaning'inia. Ya kwenye picha ilishikana. Kumbuka tu kwamba picha ikiwa imegeuzwa, kushoto kumekuwa kulia, na aliyevaa kofia chini au mtandio atakunyima hatua hii yote.

Kisha kuza picha pale shavu linapokutana na sikio. Programu moja inayotumika sana, `inswapper_128`, huchora sura ya pikseli 128 kwa 128 tu, kisha inatanuliwa. Picha ikiwa kubwa, sura inaonekana laini kama imepakwa poda huku shati lina nyuzi unazoweza kuzihesabu. Picha ikiwa ndogo na imechoka, tofauti hiyo inafutika, na zile tovuti zinazokupa asilimia ya ubandia nazo hubahatisha tu. Sisi hatujawahi kuchapisha asilimia zao.

Hatua ya 4: Piga simu, lakini usimalizie hapo

Nilimpigia mratibu wa kampeni yake.

"Kaka, siyo yeye. Andika tu ni feki."

"Nimekusikia kaka, ila naomba unieleze jana jioni alikuwa wapi, na nani wa kunithibitishia."

Akacheka, akanipa jina la kijiji kimoja cha Tandahimba. Mwandishi wetu wa huko alikuwepo. Nasisitiza hili kwa sababu siku hizi hata aliyepigwa picha ya kweli hukimbilia kusema ni akili mnemba. Kukana kwake ni habari ya kuandika, si uthibitisho.

Hatua ya 5: Namna ya kuchapisha

Mara ya kwanza kabisa tulipokanusha picha, tuliweka neno UONGO kwenye kona ya chini. Kesho yake mtu alikata kona, akabakiza nembo yetu iliyokuwa juu, na picha ikazunguka kama vile sisi ndio tumeithibitisha. Tangu hapo neno linapita mshazari juu ya sura yenyewe, jekundu, nembo ikiwa ndani yake. Bandia na asili tunaziweka ubavu kwa ubavu kwenye picha moja, na sura ya mfanyabiashara wa maharage tunaififisha, maana yeye hakugombea chochote. Kichwa cha habari kinaanza na ukweli: "Picha ya muuza maharage yabadilishwa sura kumhusisha mgombea na kangomba".

Na usipopata asili, masikio yamefunikwa, na simu haipokelewi? Hatuitangazi hewani, hata kwa kusema "picha inayosambaa". Inaingia kwenye daftari: saa iliyofika, aliyeileta, vipande tulivyotafuta na matokeo yake. Picha mbili za msimu ule bado zimo humo bila jibu.