Kenta moja, faida mbili: kukokotoa uchakavu kwa fungu sawa na kwa salio linalopungua

Mama mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, ana kampuni ndogo na wanawe wawili. Wanabeba machungwa kutoka Muheza, na msimu ukiisha wanabeba mbao na vifaa vya ujenzi. Walinunua kenta moja, na mwisho wa mwaka mama akaniita nimfungie hesabu. Nilimwonyesha rasimu mbili. Ya kwanza ilisema kampuni imepata faida ya shilingi milioni 12. Ya pili ilisema milioni 5.6. Gari ni hilohilo, safari ni zilezile, risiti ni zilezile.

"Sasa mwanangu," akaniuliza, "ipi ya kweli?"

Zote mbili ni za kweli. Zinatofautiana kwa uchakavu tu, yaani jinsi gharama ya gari inavyogawanywa katika miaka ya kulitumia, na nitaeleza kwa hatua nilizompitisha yeye. Tarakimu nimezirekebisha ili hesabu ifuatike kirahisi.

Hatua ya 1: Pata gharama kamili ya gari

Watu wengi huandika bei ya kununulia tu. Gharama ya mali ya kudumu ni kila kilicholipwa mpaka iwe tayari kufanya kazi. Kenta ilinunuliwa kwa milioni 42. Usajili, kujenga bodi ya mizigo na turubai vikala milioni 6. Basi gharama ni 48,000,000. Bima ya mwaka na mafuta havimo humo, maana hivyo ni matumizi ya mwaka husika.

Kisha unahitaji makadirio mawili. La kwanza ni muda ambao nyinyi mtalitumia gari, na familia ile ilisema miaka 5. La pili ni bei mtakayoliuzia siku hiyo, yaani thamani ya mabaki. Tuliulizia kwa madalali wa magari, tukakubaliana milioni 8. Hayo ni makadirio, na ukiyakosea njia yoyote utakayochagua haitakuokoa. Ndiyo maana mimi hutumia muda mwingi hapa kuliko kwenye hesabu yenyewe.

Kwa hiyo kitakachochakaa ni 48,000,000 kutoa 8,000,000, yaani 40,000,000. Swali lililobaki ni kuigawa milioni 40 hiyo katika miaka mitano.

Hatua ya 2: Njia ya fungu sawa

Hii ndiyo rahisi, na vitabu vingine huiita njia ya mstari mnyoofu. Gawa milioni 40 kwa miaka 5, unapata 8,000,000 kila mwaka. Haibadiliki.

Kwenye daftari, debiti gharama ya uchakavu 8,000,000, krediti limbikizo la uchakavu 8,000,000. Usiiguse akaunti ya gari lenyewe, iache isome milioni 48, ili msomaji aone gari liligharimu kiasi gani na limeshachakaa kiasi gani.

Hatua ya 3: Njia ya salio linalopungua

Hapa unachukua asilimia moja isiyobadilika, lakini unaikokotoa juu ya thamani iliyobaki kitabuni. Mwaka wa kwanza fungu ni kubwa, kisha linapungua mwaka hadi mwaka.

Asilimia haiokotwi hewani. Inatakiwa ikufikishe karibu na thamani ya mabaki mwisho wa muda. Andika hivi kwenye jedwali la kompyuta:

```
=1-(8000000/48000000)^(1/5)
```

Jibu ni 0.3012, tukaliweka kuwa asilimia 30. Mwaka wa kwanza ni asilimia 30 ya 48,000,000, yaani 14,400,000, na zinabaki 33,600,000. Mwaka wa pili ni asilimia 30 ya hizo 33,600,000, yaani 10,080,000. Endelea hivyo mpaka mwaka wa tano, na kitabuni zitabaki 8,067,360. Zile 67,360 za ziada tunaziongeza kwenye uchakavu wa mwaka wa mwisho ili tufike milioni 8 kamili.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni hili: mtu anatoa thamani ya mabaki kwanza, halafu anapiga asilimia 30 juu ya milioni 40. Kwenye fungu sawa ndivyo inavyofanywa, kwa hiyo mkono unazoea. Kwenye salio linalopungua thamani ya mabaki imeshaingia ndani ya asilimia, na ukiitoa tena unaihesabu mara mbili. Utaligundua kosa mwaka wa tano: kitabuni zitabaki 14,722,800 badala ya 8,000,000, na gari litaonekana lina thamani ambayo hakuna dalali atakayeitoa.

Anayetumia fomula ya `DDB` naye awe macho. Hiyo huchukua mara mbili ya kiwango cha fungu sawa, yaani asilimia 40 kwa gari letu, nayo itamaliza uchakavu wote mwaka wa nne na kuacha sifuri mwaka wa tano. Fomula ya `DB` ndiyo inayofanana na njia yetu, ila yenyewe itatumia asilimia 30.1.

Hatua ya 4: Ziweke faida bega kwa bega

Ili tuone kazi ya njia peke yake, tuseme kenta inaingiza milioni 20 kila mwaka baada ya kulipa dereva, mafuta, matairi na kila kitu isipokuwa uchakavu. Faida zinazobaki, kwa mamilioni ya shilingi, ni hizi:

| Mwaka | Fungu sawa | Salio linalopungua |
|---|---|---|
| 1 | 12.00 | 5.60 |
| 2 | 12.00 | 9.92 |
| 3 | 12.00 | 12.94 |
| 4 | 12.00 | 15.06 |
| 5 | 12.00 | 16.48 |
| Jumla | 60.00 | 60.00 |

Soma mstari wa mwisho kwanza. Kwa miaka mitano, kila njia imeleta milioni 60. Hakuna shilingi iliyozaliwa wala iliyopotea, zimehama tu kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine. Na fedha taslimu iliyoingia benki ni milioni 20 kila mwaka katika safu zote mbili, kwa sababu uchakavu haulipwi kwa mtu. Ilishalipwa siku gari liliponunuliwa.

Sasa soma safu ya kulia kutoka juu kwenda chini. Faida imepanda karibu mara tatu, wakati gari halikuongeza hata safari moja. Hapa niliwahi kukosea vibaya nikiwa bado mgeni kwenye kazi. Niliwasomea wanahisa wa kampuni nyingine ya familia faida inayopanda mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, nikanyamaza kuhusu njia. Wakampongeza kijana aliyesimamia gari, wakamwongezea malipo kwa kazi iliyofanywa na hesabu yangu. Mwaka wa nne wakanunua gari jipya, uchakavu mkubwa ukaanza upya, faida ikaporomoka, na kijana yuleyule akalaumiwa. Lilikuwa deni langu kuwaeleza, na sikulilipa kwa wakati.

Tangu hapo, kabla ya kulinganisha miaka huandika mstari mmoja zaidi: faida kabla ya uchakavu. Kama huo haujasogea, biashara haijasogea.

Katika maisha halisi, hata hivyo, kenta ya mwaka wa nne haiingizi sawa na ya mwaka wa kwanza. Springi, klachi na injini vinaanza kudai, na siku za gereji zinaongezeka. Ukitumia fungu sawa, uchakavu unabaki milioni 8 huku matengenezo yanapanda, basi miaka ya mwisho inabeba mzigo mara mbili. Ukitumia salio linalopungua, uchakavu unashuka wakati matengenezo yanapanda, na jumla ya gharama za gari inakaribia kuwa sawasawa. Kwa magari ya mizigo hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kuipendelea.

Hatua ya 5: Jaribu kuliuza gari mapema

Mmoja wa wale vijana alitaka kujua ingekuwaje kama wangeliuza mwisho wa mwaka wa pili. Tuseme mteja anatoa milioni 27.

Kwa fungu sawa, kitabuni kuna milioni 32, kwa hiyo mauzo yanaleta hasara ya milioni 5. Kwa salio linalopungua, kitabuni kuna milioni 23.52, kwa hiyo mauzo yanaleta faida ya milioni 3.48. Mnunuzi ni mmoja na fedha ni moja, lakini taarifa moja inalia na nyingine inacheka.

Jumlisha miaka miwili yote. Fungu sawa: 12 na 12, toa 5, ni milioni 19. Salio linalopungua: 5.6 na 9.92, ongeza 3.48, ni milioni 19 vilevile. Faida au hasara ya kuuza inasahihisha makadirio ya miaka iliyopita. Lakini kama mwanahisa mmoja alijitoa mwisho wa mwaka wa kwanza akalipwa kwa kufuata vitabu, yeye hakungojea masahihisho hayo. Katika kampuni za ndugu, hapo ndipo ugomvi huanzia.

Hatua ya 6: Tenganisha na kodi

Mama aliniuliza kwa sauti ya chini kama ile rasimu ya milioni 5.6 ingempunguzia kodi. Haipunguzi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ina viwango vyake katika Jedwali la Tatu, na gari la mizigo la chini ya tani 7 limo daraja la kwanza, asilimia 37.5 ya salio linalopungua. Kwa mwaka wa kwanza ni 18,000,000.

Anza na faida ya vitabu, rudisha uchakavu wako, kisha toa wa sheria. Fungu sawa: 12 ongeza 8 toa 18, inabaki milioni 2. Salio linalopungua: 5.6 ongeza 14.4 toa 18, inabaki milioni 2. Kwa kiwango cha kampuni cha asilimia 30, kodi ni 600,000 kwa vyovyote vile. Usiiweke hiyo 37.5 kwenye vitabu vyako kwa sababu tu sheria ya kodi imeitaja, labda kama gari lako linachakaa hivyo kweli.

Hatua ya 7: Chagua, uandike, ushikilie

Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 16 kinataka njia ifuate jinsi mali inavyotumika. Kenta ya mama hupiga safari nyingi ikiwa mpya, kwa hiyo tulichagua salio linalopungua. Rafu na meza za ofisi yake, ambazo mwaka wa tano zinafanya kazi sawa na mwaka wa kwanza, tuliziweka kwenye fungu sawa. Makadirio na njia hupitiwa kila mwisho wa mwaka. Matumizi yakibadilika kweli, njia hubadilishwa kuanzia hapo kwenda mbele, na miaka iliyofungwa haifunguliwi.

Mama alikubali taarifa ya milioni 5.6. Chini ya maelezo ya mali za kudumu tukaandika: "Magari ya mizigo: salio linalopungua, asilimia 30 kwa mwaka. Samani: fungu sawa. Faida ya mwaka kabla ya uchakavu wa gari: Sh 20,000,000."