Daktari mpya kliniki ya presha na sukari? Mtambulishe benchini kwanza

Wale mnaofanya kazi kituo cha afya, daktari mpya akija msimwingize tu chumbani halafu muanze kuita majina, wagonjwa wa presha na sukari wamezoea mtu wao na wakikuta sura ngeni wengine hata hawasemi kwamba dawa waliacha. Subirini ule muda wa elimu ya afya asubuhi, benchi zimejaa na faili la kwanza bado halijaingia. Anayemtambulisha awe yule nesi wanayemjua, sio bosi wa ofisini ambaye hawamuoni.

Aseme jina, atakuwa chumba namba ngapi, siku zipi, na daktari wa zamani yuko wapi (mkikaa kimya watu watajitungia kafukuzwa). Halafu hapa ndo penyewe: waambieni faili ni lilelile, tarehe ya kurudi haijabadilika, na hakuna atakayebadilishiwa dawa bila kuelezwa sababu. Hiyo ndo hofu yao kubwa.

Daktari mwenyewe asimame mbele, kama amevaa barakoa na hakohoi aishushe kidogo waione sura, awape wazee shikamoo, aongee dakika mbili zinatosha. Asimuulize mtu ugonjwa wake pale mbele za watu jamani, hayo ni ya chumbani.

Waliochelewa warudiwe pale wanapopimwa presha. Mkiona mtu anaachia zamu yake au anamnong'oneza nesi "yule wetu anarudi lini", huyo nesi ampeleke mwenyewe mpaka mlangoni.