Dar mpaka Mwanza na mtoto wa miezi 8: mambo ya kuzingatia kabla hujakata tiketi

Mwaka juzi nilipanda basi alfajiri pale Mbezi kwenda Mwanza na mwanangu akiwa na miezi 8. Nilimbebea uji wake kwenye chupa ya chai, ule wa lishe wenye karanga ndani, nimeupika saa 10 usiku nikijua ntampa safari nzima. Tukafika Morogoro akala, tukafika Dodoma akala tena, uji ulikuwa bado una uvuguvugu na haunuki chochote, nami nikaona sawa tu. Tukiwa tumeshaipita Manyoni akaanza kutapika, kisha akaharisha mara 3 kabla hatujafika Singida. Ile safari ndo ilinifundisha mengi ya haya ninayoandika hapa, na nimeshaenda tena mara kadhaa na mtoto wa pili, kwa hiyo naandika kwa ajili ya mama mwenye safari kama hiyo, ya zaidi ya kilomita 1,100, unaondoka saa 12 asubuhi na unaweza kufika usiku wa manane.

Nianze na huo uji maana ndo kosa tunalofanya wengi. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya masaa 2 kama hakipo kwenye moto wa kweli au kwenye baridi ya friji. Vijidudu vinapenda joto la wastani, na chupa ya chai ikishapoteza ule moto wa mwanzo inageuka kuwa sehemu nzuri sana ya wao kuzaliana, uji wenye maziwa au karanga ndo kabisa. Na usije ukasema ntaunusa nijue, hapana, chakula kinaweza kumuumiza mtoto kikiwa na harufu ile ile na ladha ile ile. Kwa hiyo siku hizi uji anakunywa nyumbani saa 11 alfajiri kabla hatujatoka, basi, hausafiri na sisi.

Njiani anakula nini sasa? Kwanza ni ziwa la mama. Kama mtoto hajafikisha miezi 6 hahitaji kingine chochote, hata maji hahitaji, hata jua la Dodoma likiwa kali vipi, wewe mnyonyeshe mara nyingi zaidi tu. Ila na wewe lazima unywe maji. Najua tunajinyima maji tukiogopa kuomba basi lisimame watu wakatukasirikia, lakini unanyonyesha, ukifika jioni kichwa kinagonga na nguvu ya kumshika mtoto huna. Kunywa kidogo kidogo, mafunda mawili matatu kila baada ya muda, na kila basi linaposimama watu wachimbe dawa shuka hata kama hujabanwa.

Aliyevuka miezi 6 namchukulia vyakula ambavyo Mungu mwenyewe kavifunga, yaani ndizi mbivu na parachichi. Ukimenya pale pale na kuponda kwa kijiko kisafi hakuna kilichokaa kikaharibika. Ndizi 3 na parachichi 1 lililoanza kulainika zinatosha mpaka jioni. Vijiko nabeba vitatu au vinne kwenye kibakuli chenye mfuniko, kilichotumika kinaenda kwenye mfuko wa vichafu, sihangaiki kuosha kwa maji ya bomba nisilolijua. Jioni basi likisimama kula, naomba chakula kinachofuka moshi kabisa, wali laini na mchuzi wa maharage uliotoka jikoni muda huo, nampondea kidogo kikipoa. Karanga, korosho na mahindi ya kuchoma yanayopitishwa dirishani usimpe hata akililia, basi likiruka tuta punje moja inaingia kwenye njia ya hewa na mtoto anapaliwa mkononi mwako.

Kwa anayetumia maziwa ya kopo, usichanganye nyumbani. Pima unga wa kila mlo kwenye kikopo chake kikavu, maji yaliyochemka yaweke kwenye themosi nzuri, uchanganye wakati wa kulisha, na basi likiwa limesimama maana maji ya moto na mtoto mapajani kwenye gari linaloyumba ni kuungua. Maji yanatakiwa yawe bado ya moto hasa, nyuzi 70 kwenda juu, ndo yanaua vijidudu vilivyomo kwenye ule unga, afu unapooza kikombe kwa nje na kudondoshea tone kwenye kifundo cha mkono kwa ndani uone. Themosi ya bei rahisi ikifika mchana imeshachoka, hivyo omba maji yanayochemka pale mnaposimama kula. Akibakiza, mwaga. Najua kopo ni hela, lakini mwaga.

Sasa siti. Watu wanakata tiketi kwa kuangalia bei na muda tu, upande hawaulizi, na kwa mtoto upande ni jambo kubwa. Fikiria njia yenyewe: asubuhi mnatoka Dar jua likiwa nyuma yenu, halisumbui sana. Kuanzia Dodoma kwenda Manyoni, Singida, Igunga mpaka Nzega gari linaelekea magharibi na kupanda kaskazini, na huo ndo muda jua linashuka, kwa hiyo linapiga upande wa kushoto, upande wa mlango, tangu saa 8 mpaka linazama. Mtoto aliyekaa dirishani upande huo anachomwa zaidi ya masaa 4. Kata siti upande wa dereva. Na mnaporudi asubuhi kutoka Mwanza mnaelekea kusini mashariki, jua la asubuhi linapiga upande ule ule wa mlango, kwa hiyo upande wa dereva tena.

Ukikuta upande wa dereva umeshajaa, funga pazia na ubane kanga kwenye kioo kwa pini, lakini kanga usimfunike mtoto usoni. Hili nalisema kwa uchungu maana naliona kila safari. Chini ya kanga hewa inakuwa ya moto, yeye anavuta ile ile aliyoitoa, na wewe humwoni. Mguse shingoni kwa nyuma na kifuani kila mara, kukiwa kwa moto na jasho mvue nguo moja na umpepee. Viganja vikiwa baridi visikudanganye, shingo ndo inasema ukweli. Basi la kiyoyozi lina shida yake tofauti, usiku linakuwa baridi kweli, hapo soksi na kofia, na siti isiwe ile ambayo tundu la hewa linampulizia moja kwa moja.

Safu nazo zina maana. Chagua katikati, siyo juu ya tairi wala siti za mwisho kabisa ambako kila tuta linawarusha, na siyo ile ya mbele kabisa inayotazama kioo. Ukiweza lipia siti mbili, ukishindwa omba ya dirishani ili asikae njiani watu wakampitia na mabegi.

Mkanda unaufunga wewe peke yako, kiunoni, halafu mtoto anakaa nje ya mkanda. Ukimzungushia mkanda mmoja na wewe, dereva akishika breki ghafla uzito wako wote unamkandamiza yeye kwenye mkanda. Mfunge kifuani kwako kwa mbeleko ya kubebea mbele au kanga imara, uso wake uuone, kidevu kisigusane na kifua chake maana shingo ikijikunja pumzi inabana. Usikae kwenye siti ukiwa umemfunga mgongoni, unamgandamiza na siti. Niseme ukweli, mbeleko haimkingi kwenye ajali kubwa kama kiti cha mtoto cha kwenye gari dogo, inachofanya ni kuzuia asikuponyoke kwenye breki au ukipitiwa na usingizi, na usingizi utakupitia tu, hasa baada ya Igunga giza likishaingia.

Usafi ni hesabu. Pampasi moja kwa kila masaa 3 inakuja 6, ongeza 4 za dharura ziwe 10. Nguo zake pea 4, blauzi yako 1 ya akiba, mpira wa kutandika kwenye siti, mifuko ya taka iliyo mizima ya kufungia uchafu mpaka mkute pipa. Haya yote yawe kwenye begi la miguuni, siyo kwenye buti, nimeona mama anamwomba konda afungue buti saa 3 usiku porini. Baada ya kumbadilisha mikono inaoshwa kwa maji na sabuni, nabeba chupa ya maji ya kunawia na kipande cha sabuni, sanitaiza inasaidia kwa vijidudu lakini kinyesi haikiondoi.

Na dawa. Kuna watu watakushauri umpe piritoni au dawa ya kuzuia kutapika ili alale safari nzima. Usimpe. Fenagani, ambayo ni mojawapo ya hizo za kuzuia kutapika, kwa mtoto chini ya miaka 2 inaweza kumpunguzia pumzi mpaka ikakata, na wewe utafikiri kalala vizuri. Isitoshe watoto wa umri huo ni nadra kusumbuliwa na mwendo wa gari, akitapika tafuta sababu nyingine, ameshiba kupita kiasi, amepata joto, au kala kibaya kama wangu. Mimi nabeba paketi 2 za ORS, chupa ya lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kipimajoto, na sirapu ya parasetamo ambayo kiasi chake nimeandikiwa kliniki kwa uzito wake, siyo wa jirani.

Pale kabla ya Singida nilichofanya ni hiki: nikasoma paketi, ilikuwa ya lita 1, nikaimwaga yote kwenye chupa yangu ya lita 1, maana ukikadiria nusu kwa nusu chumvi inaweza kuzidi. Kila akiharisha nampa kijiko kijiko taratibu mpaka inafika kama robo kikombe cha chai au zaidi kidogo, akitapika nasubiri dakika 10 naanza tena polepole zaidi, na ziwa sikuliacha. Nikawa naangalia utosi, macho, na kama pampasi ina mkojo. Utosi ulikuwa umeanza kubonyea. Nikamwambia konda sisi tunashukia Singida. Abiria mmoja akasema mama vumilia, Mwanza siyo mbali, lakini ilikuwa bado masaa 6 mbele. Daktari aliyempokea akasema tungeendelea angefika amelegea. Akapewa zinki ya siku 10, tukalala mjini pale, tukapanda basi kesho yake mchana.

Kwa hiyo kabla hujaondoka andika miji ambayo unaweza kushuka: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga. Akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea haamki vizuri, au kinyesi kikiwa na damu, unashuka mji unaofuata, nauli ikipotea ipotee. Aliye chini ya miezi 3 joto likifika nyuzi 38 tu inatosha kushuka, usisubiri dalili ya pili.