Barua ya mshauri huru: kagua kwanza kifungu cha malipo

Ukimwandikia mshauri huru barua ya kazi, sentensi ya "huyu si mwajiriwa" peke yake haitoshi. Mgogoro ukizuka, kinachotazamwa ni jinsi kazi ilivyofanyika kweli, na malipo ndiyo huumbua mapema. Ukiandika "atalipwa kila mwisho wa mwezi", hapo yanafanana na mshahara. Funga malipo kwenye kazi iliyokabidhiwa. Tuseme anaandaa mwongozo wa uhasibu: asilimia 30 rasimu ikipokelewa, 70 toleo la mwisho likikubaliwa kwa maandishi, zote ndani ya siku 14 tangu alete ankara. Mtaje anayekubali kazi na siku alizopewa kujibu, la sivyo ankara italala mezani.

Kisha eleza matokeo unayotaka, si saa za kuingia na kutoka. Andika kwamba anatumia vifaa vyake na yuko huru kuhudumia wateja wengine. Likizo na muda wa majaribio viondoe kabisa. Mara nyingi hupenya kwa sababu mtu amenakili barua ya ajira. Na kazi nyingine ikijitokeza, andika barua mpya yenye matokeo yake. Kurefusha ileile miezi mitatu mitatu kunamfanya afanane na mwajiriwa wa kudumu, hata kama maneno yote ni sahihi.