Soko la majaribio: tazama wanaorudi

Swali la mtihani kuhusu bidhaa mpya usilianzie sokoni. Chuja mawazo kwanza. Tuseme kampuni ya Mwanza ina mawazo mawili: minofu ya sangara iliyogandishwa na dagaa wa kukaanga wenye pilipili. Minofu inadai friji mpaka dukani na mtaji hautoshi, kwa hiyo inatoka. Dagaa wanaonjeshwa, gharama zinapigwa, kisha wanauzwa eneo moja la mji, Igoma tu, kwa miezi miwili: hilo ndilo soko la majaribio.

Hapa wanafunzi wengi huandika jumla ya mauzo tu, na alama zinapotea; tazama waliorudi kununua. Wateja 200 walinunua, 40 wakarudia: 40 ÷ 200 = 20%. Wengi wamejaribu, wachache wamerudi, basi kasoro iko kwenye bidhaa yenyewe (mchanga kwenye dagaa, mara nyingi!). Wangejaribu wachache lakini wengi wao wakarudi, ungeongeza matangazo na maduka.