Kagua waya, taa na mtungi wa moto kabla hujafunga kibanda

Ndugu wafanyabiashara, mimi ndiye fundi umeme wa kamati ya soko. Ukaguzi huu ufanye mwenyewe jioni, vifaa vikiwa vimetumika kama nusu saa, maana waya uliopoa haukuambii kitu.

Hatua ya 1: Waya. Kwanza utazame. Ukiona umechubuka au umeungwa kwa selotepu, usiuguse; zima swichi kuu, uite fundi. Ukiwa mzima, upapase kwa mgongo wa mkono kutoka kwenye plagi hadi kwenye ekstensheni. Vuguvugu si neno. Ukishindwa kuushika, au plagi imegeuka kahawia, zima na uchomoe.

Hatua ya 2: Piga hesabu. Wiki hii nilikuta kibanda cha fundi cherehani kina pasi ya wati 1000 na birika la umeme la wati 2000, vyote kwenye ekstensheni moja iliyoandikwa `3 x 0.75 mm²`. Wati 3000 ukizigawa kwa volti 240 unapata ampea 12.5. Waya mwembamba hivyo hubeba ampea 6 hivi. Fyuzi ya plagi ilikuwa ya ampea 13, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kukatika; ililala, waya ukapikwa. Tena nusu ya waya ilikuwa imeviringishwa chini ya zulia, joto halina pa kutokea. Tulipouinua, zulia lilikuwa na alama ya duara.

Birika tukalihamishia kwenye soketi ya ukutani, peke yake. Pasi ikabaki kwenye ekstensheni, ampea 4 na kidogo, waya umenyooshwa wote. Na wale mnaofunga kipande cha waya mahali pa fyuzi, nawajua.

Hatua ya 3: Taa. Balbu ya kizamani iwe mbali na nguo na maboksi, angalau nusu mita. Ya LED haichomi hivyo. Chemli ijazwe mafuta ikiwa imezimwa na kupoa, nje ya kibanda.

Hatua ya 4: Mtungi wa kuzimia moto. Ule wa unga, tazama mshale uwe kwenye kijani, pini na sili viwepo. Wa gesi ya kaboni hauna mshale; fundi wake huupima kwa mizani. Utundike karibu na mlango, si nyuma ya mzigo, ili ukipigana na moto njia ya kutokea iwe mgongoni kwako.

Moto ukizuka, kata umeme kwanza kama swichi inafikika, maji usimwage. Chomoa pini, elekeza mdomo kwenye shina la moto, si kwenye ndimi, kisha bana huku ukifagia kushoto na kulia. Mtungi wa kilo 6 huisha kwa sekunde 15 hivi. Ukiona umefika nusu na moto bado unapanda, uache, toka, piga kelele majirani nao watoke, waite zimamoto.