Jinsi ya kuandika daftari la mzigo uliorudishwa na kufungisha krediti noti kwenye delivari yake ya asili

Nashika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi hapa Arua. Rangi zetu zinatoka Kampala, karibu kilomita 500, na hakuna lori linalokuja Arua kuchukua ndoo mbovu peke yake. Ndoo hizo hukaa stoo mpaka mzigo mpya ufike, kisha hupanda lori lile lile lililoshusha mzigo mpya. Hapo ndipo hesabu inapoharibika: mzigo wa zamani unasafiri na karatasi za mzigo mpya, na krediti noti, ile karatasi ya msambazaji ya kutupunguzia deni, ikija inataja ankara ambayo siyo.

Nitaonyesha kwa mfano mmoja wa rangi nyeupe ya ukutani, ndoo za lita 20. Tarehe 4 Machi tulipokea ndoo 40 kwa delivari namba 2217, kila ndoo shilingi 118,000, VAT ikiwa ndani. Tarehe 25 Machi zikaja ndoo 30 kwa delivari 2304, na bei ilikuwa imeshuka hadi 112,100. Siku hiyo ya 25 tulirudisha ndoo 7. Sita zilikuwa za mzigo wa kwanza, zilizopasuka chini ya mkono wa kushikia na kuvuja zikiwa stoo, na moja ilikuwa ya mzigo wa siku hiyo, iliyoshuka kwenye lori ikiwa imebonyea na kifuniko kimefunguka.

Hatua ya 1: Iandike ndoo siku inapofika

Rejesho linaanza siku ya kupokea, kabla hujajua kitakachoharibika. Wiki tatu baadaye ndoo nyeupe zote zinafanana, na hakuna mtu stoo atakayekumbuka ipi ilikuja lini. Kwa hiyo vibarua wakishusha, kijana mmoja anapita na kalamu ya maka nyeusi na kuandika namba ya delivari, tarakimu nne tu, kwenye kila ndoo. Iandikwe kwenye tumbo la ndoo. Usiandike kwenye kifuniko, kwa sababu mafundi wakija kuangalia rangi vifuniko hufunguliwa na kubadilishana. Chaki nayo inafutika kwa vumbi na kusuguana.

Namba ya bechi iliyopigwa na kiwanda haitoshi peke yake. Bechi moja inaweza kuja kwenye delivari mbili zenye bei tofauti. Bado uiandike daftarini, maana rangi ikirudi kwa sababu ya kutofautiana weupe, kiwanda kitauliza bechi kwanza.

Hatua ya 2: Mstari mmoja kwa kila delivari ya asili

Kanuni hii ndiyo inayobeba daftari zima. Watu wengi huandika mstari mmoja kwa kila lori: "25 Machi, ndoo 7 zimerudi." Mstari huo hauwezi kufungwa sawasawa hata krediti noti ikija ikiwa nzuri, kwa sababu ndani yake mna bei mbili na ankara mbili. Ugawe tangu mwanzo. Kwangu uliandikwa hivi:

R-031: delivari 2217, ndoo 6, bei 118,000, jumla 708,000.
R-032: delivari 2304, ndoo 1, bei 112,100, jumla 112,100.

Tunachodai ni shilingi 820,100. Kila mstari ubebe pia FDN, ile namba ambayo EFRIS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi URA, inaipa kila ankara. Ichukue kwenye ankara yenyewe siku ya kupokea mzigo, si siku ya kugombana. Bei iwe ile ya siku mzigo ulipofika, kwa sababu ndiyo uliyotozwa, hata kama leo dukani bei ni nyingine.

Ukitumia kompyuta, tengeneza kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni wa marejesho: safu A ni namba ya mstari, B tarehe, C delivari ya asili, D FDN, E bidhaa na bechi, F idadi, G bei, H thamani. Ukurasa wa pili uuite Krediti: A namba ya mstari, B namba ya krediti noti, C idadi, D thamani. Kwenye ukurasa wa kwanza, safu I ionyeshe idadi iliyobaki na safu J pesa iliyobaki:

```
=F2-SUMIFS(Krediti!C:C,Krediti!A:A,A2)
=H2-SUMIFS(Krediti!D:D,Krediti!A:A,A2)
```

Ziwe mbili, usiridhike na moja. Sababu utaiona kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 3: Siku ya kupakia

Dereva ana haraka, anataka kulala Pakwach au aivuke Karuma kabla ya giza. Yule wa tarehe 25 aliniambia, "Bosi, andika tu hapa kwenye karatasi ya leo kwamba nimechukua saba, nitilie saini twende." Nikamjibu, "Ndugu yangu, ya leo nitakutilia saini kwa mzigo wa leo. Hizi zina karatasi yake." Usikubali hata kama dereva ni mtu wako wa siku nyingi. Rejesho likiandikwa pembeni ya delivari 2304, karani wa Kampala ataona 2304 tu, na krediti noti itatolewa juu ya ankara ya 2304.

Andika hati ya kurudisha mzigo kwa nakala tatu: moja ya dereva, moja ya kutangulizwa kwa picha ya simu kwa msambazaji, moja inabaki kitabuni. Iwe na mistari ile ile ya daftari, R-031 na R-032, kila mmoja na delivari yake na sababu yake. Dereva aandike jina, namba ya gari, na idadi kwa maneno pia. Kisha piga picha ndoo zikiwa juu ya lori, namba za maka zikionekana.

Ile ndoo moja iliyobonyea inahitaji jambo moja zaidi. Haikuingia stoo, kwa hiyo kwenye delivari 2304 nilitia saini ya ndoo 29 zilizo nzima na kuandika kwamba 1 imekataliwa. Lakini ankara ya ndoo 30 ilikuwa imekwisha kutolewa, kwa hiyo bado inahitaji krediti noti. Wengine hudhani kukataa mlangoni kunamaliza mambo, kisha mwisho wa mwezi wanakuta wamedaiwa ndoo 30.

Baada ya siku mbili tatu piga simu ghala la Kampala na uulize kama zimefika na wamezipokea ngapi. Andika tarehe, jina la uliyeongea naye na idadi aliyoitaja. Kama wamehesabu 6, ndoo moja imepotea njiani, na ni rahisi kuifuatilia dereva akiwa bado anakumbuka safari.

Hatua ya 4: Krediti noti inapofika

Yetu ilifika tarehe 14 Aprili. Ilikuwa karatasi moja: ndoo 7 kwa 112,100, jumla shilingi 784,700, juu ya ankara ya delivari 2304.

Usianze na jumla. Soma kwa mpangilio huu: kwanza FDN ya ankara ya asili, kisha idadi, kisha bei ya ndoo moja, na jumla iwe ya mwisho. Hapa FDN ni sahihi kwa ndoo 1 na si sahihi kwa 6. Idadi ni sawa, 7. Bei ni pungufu kwa ndoo 6. Nilipoigawa kwenye ukurasa wa Krediti, R-032 ikafungika: idadi 0, pesa 0. R-031 ikabaki na idadi 0 na pesa 35,400. Hiyo ni 5,900 mara 6, tofauti ya bei mbili.

Ndiyo maana nataka safu mbili. Idadi ikiwa sifuri na pesa imebaki, kosa liko kwenye bei. Zote mbili zikibaki, kuna ndoo ambazo hazijalipwa kabisa. Idadi ikienda chini ya sifuri, msambazaji amekupa zaidi ya ulichorudisha, na hilo nalo limwambie mapema, kwa sababu atakuja kuliona na kulikata siku usiyoitegemea.

Zamani tulikuwa tunalinganisha jumla na stetimenti ya mwezi tu, na kosa kama hili lilipita kimya. Mfumo wa EFRIS pia haukulindi hapa. Krediti noti ndani yake hufungwa na ankara ya asili, lakini mfumo haujui ndoo ilitoka mzigo upi. Ndoo 7 juu ya ankara ya ndoo 30 inaonekana ni jambo la kawaida.

Hatua ya 5: Kurekebisha

Nilichoomba ni ile krediti noti ifutwe na zitolewe mbili: ndoo 6 juu ya FDN ya delivari 2217, na ndoo 1 juu ya FDN ya 2304. Nilituma hati ya kurudisha, picha za ndoo na kurasa za ankara zote mbili. Msambazaji alitaka kunipa "punguzo" la 35,400 kwenye ankara ijayo. Nilikataa. Pesa ingetimia, lakini R-031 ingebaki bila karatasi yake, na VAT ingekuwa imekaa vibaya. Kwenye ndoo ya 118,000 kodi ni 18,000, kwa sababu VAT ni asilimia 18 juu ya 100,000. Kwenye ndoo ya 112,100 ni 17,100. Kodi tuliyoidai kwa ndoo zile 6 ilikuwa 108,000, na inayopaswa kushuka kwenye ritani yetu ni hiyo hiyo 108,000, siyo 102,600.

Kumbuka kwamba anayeomba krediti noti kwenye EFRIS ni muuzaji, na URA inaipitia kabla haijakubaliwa, kwa hiyo kuna kusubiri. Ritani ya VAT ya mwezi inatakiwa kufika ifikapo tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ukigundua kosa tarehe 13, hutapata muda wa kulirekebisha. Fungua bahasha siku inapofika.

Wakati wa kusubiri, usipunguze deni kwenye vitabu kwa kukisia. Mimi huacha ankara kamili, na mstari wa rejesho unabaki wazi. Siku ya kulipa ikifika, nalipa ankara nyingine zote kikamilifu, nazuia tu thamani ya mistari iliyo wazi, na kuwaandikia namba za mistari hiyo ili wasidhani tumeishiwa pesa.

Pale dereva anapoleta ndoo za kubadilisha

Safari iliyofuata dereva alileta ndoo 2 mpya, akasema ni za kufidia zile zilizovuja. Hazikuwa na ankara. Ukizipokea kimya na krediti noti ya ndoo 6 ikaja, umelipwa mara mbili. Niliziandika kwenye kitabu cha kupokea kwa delivari yake zikiwa zimetengwa, nikapiga simu palepale kuuliza: mnabadilisha au mnakata deni? Wakachagua kukata deni, kwa hiyo zile 2 zikapewa ankara yake kama mauzo mapya. Kama wangechagua kubadilisha, R-031 ingefungwa kwa ndoo 2 za kubadilisha na krediti noti ya 4.

Krediti noti mbili sahihi zilifika tarehe 6 Mei. R-031 ikasoma 0 na 0, nikapiga mstari mwekundu chini yake na kuandika namba ya krediti noti pembeni.